Digrii ya sheria ya Uingereza, niko Amu: nitaruhusiwa vipi kufanya mtihani wa uwakili?

BintiLangoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Amu, mtaa wa Langoni. Nimemaliza digrii ya sheria Uingereza, miaka 3, na sasa nimerudi nyumbani. Nataka kufanya mtihani wa uwakili wa Kenya, inshallah nifanye kazi huku huku Pwani, maana watu wetu wanaingia mahakamani kwa kesi za ardhi bila hata kuelewa karatasi waliyotia saini.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, na mambo matatu yananikosesha usingizi. KCSE nilipata B- kwa jumla, Kiswahili A-, lakini Kiingereza ni C+, na binamu yangu aliniambia bila B ya Kiingereza nisijisumbue. Halafu huku digrii ya sheria ni miaka 4 na yangu ni 3. La mwisho ni jina. Cheti cha KCSE kinasema Swafiya, pasipoti na digrii zinasema Safia. Ni mimi yule yule, lakini karatasi hazijui hivyo.

Aliyepitia njia hii anieleze nianze wapi.

MwalimuMkomani

Waaleikum salaam binti, na hongera. Hili ni rahisi kuliko unavyodhani. Digrii yoyote ya nje unaipeleka Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, wanaikagua na kukupa barua ya kuitambua. Ukishapata barua hiyo, mlango wowote Kenya uko wazi kwako. Mimi nilifanya hivyo kwa shahada yangu ya uzamili ya India na nilipandishwa daraja bila swali.

BahariaMokowe

Ndugu yangu wa tumbo moja alisoma udaktari nje. Aliporudi hakuruhusiwa kuanza intanshipu mpaka alipofanya mtihani wa Baraza la Madaktari. Alifeli mara ya kwanza, akafaulu ya pili. Kwa hiyo jiandae, mtihani wenyewe ni wa magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Vitabu vyake bado vipo nyumbani, ukitaka nitakuletea.

BintiLangoni

Ahsante sana kaka, lakini mimi ni wa sheria. Vitabu muwekee mwengine, atavihitaji.

BahariaMokowe

Samahani dada, niliona digrii ya nje na mtihani nikadhani ni hadithi ile ile. Allah akufanyie wepesi.

WakiliNgomeni

BintiLangoni, niko Malindi, na mimi pia digrii yangu ni ya nje. Nitakujibu kirefu kwa sababu nilipoteza mwaka mzima kwa kushika ushauri wa aina aliyotoa Mwalimu, na simlaumu, kwani kwa upande wa ajira yuko sahihi.

Barua ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inasema digrii yako ni digrii kweli, na iko daraja gani ukiipima na zetu. Mwajiri wa serikali anataka hiyo. Lakini anayeamua kama digrii ya nje ya sheria inakupeleka kwenye orodha ya mawakili ni chombo chengine, Baraza la Elimu ya Sheria, chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka 2012. Kazi ya kutambua na kuidhinisha masomo ya sheria yaliyosomwa nje ya Kenya, kwa ajili ya uwakili, imeandikwa humo kwa jina lao. Mimi nilikwenda kwa Tume kwanza, nikangoja, nikapata barua nzuri yenye muhuri, nikaipeleka Chuo cha Sheria kule Karen. Yule wa dirishani aliisoma yote kwa adabu kisha akaniuliza, "Na ya Baraza iko wapi?" Mwaka ukapita hivyo.

Sasa maswali yako. Masharti ya kuingia Chuo cha Sheria yako kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya Chuo cha Sheria ya Kenya, ya 2012 hiyo hiyo. Kwa upande wa KCSE yanasema C+ kwa jumla, na B ya Kiingereza AU Kiswahili. Soma neno "au" mara mbili. Wewe una B- kwa jumla na A- ya Kiswahili. Umepita. Binamu yako amewaogopesha wengi, maana hili la Kiingereza peke yake nalisikia kila mwaka. Hapa Pwani ni watoto wetu wangapi wenye A ya Kiswahili wameacha kuomba kwa sababu ya uvumi huu?

Miaka 3 nayo, Jedwali hilo halihesabu miaka ya digrii. Kitakachokubana ni masomo uliyosoma, na hapo ndipo watu wa Uingereza wanapoumia. Niletee orodha ya masomo yako, yote, kama yalivyoandikwa kwenye transkripti.

MwalimuMkomani

Nimekubali, Wakili. Sikujua sheria ina mlango wake. Ila je, barua yangu ile haimfai hata kidogo?

WakiliNgomeni

Itamfaa siku atakapoomba kazi ya umma, Mwalimu. Ila asiianze hiyo akiwa na pesa kidogo na haraka nyingi.

BintiLangoni

Shukran sana Wakili. La "au" nimemsomea mama kwa sauti, akapiga kigelegele jikoni.

Masomo ni haya, nimeyageuza kwa Kiswahili kadri nilivyoweza. Mwaka wa kwanza: mikataba, torti, sheria ya umma, mfumo wa sheria wa Uingereza. Mwaka wa pili: jinai, ardhi, sheria ya Umoja wa Ulaya, haki na amana (sijui mnaiitaje huku, ni ile ya mahakama za usawa). Mwaka wa tatu: tasnifu, sheria ya makampuni, haki za binadamu, sheria ya vyombo vya habari, hakimiliki.

WakiliNgomeni

Sisi tunaiita usawa na amana, wala usijali.

Chukua karatasi, ikunje katikati. Upande wa kushoto andika masomo 16 ya lazima ambayo Baraza linataka kila mwenye digrii ya sheria awe ameyasoma. Upande wa kulia andika lako linalolingana, au acha wazi. Nitaifanya hapa kwa ajili yako, kwa sababu bila zoezi hili utapeleka maombi ukiwa gizani.

Torti unayo, mikataba unayo, jinai unayo, usawa na amana unayo, na ardhi inakaa kwenye sheria ya mali. Mfumo wa sheria wa Uingereza utasimama mahali pa mifumo na mbinu za sheria. Hayo ni sita ambayo sioni mtu akikupinga.

Manne yanayofuata yana mjadala. Baraza linataka sheria ya katiba, na kando yake sheria ya utawala. Wewe una jina moja tu, sheria ya umma. Uingereza mbili hizo hufundishwa pamoja, na mkaguzi akisoma transkripti peke yake ataona somo moja, atakuhesabia moja. Tasnifu yako inaweza kuingia kwenye utafiti wa sheria, lakini ikiwa tu imeandikwa mahali kwamba ulifundishwa mbinu za utafiti, si kwamba uliandika maneno elfu kumi ukiwa peke yako. Na sheria ya makampuni ni sehemu tu ya somo letu la vyama vya kibiashara, kwani letu linagusa na ubia.

Sita yaliyobaki sioni kabisa upande wako wa kulia: sheria ya familia na mirathi, ushahidi, sheria ya biashara, falsafa ya sheria, sheria ya kimataifa ya umma, na sheria ya kazi. Usitegemee kwamba haki za binadamu au Umoja wa Ulaya zitaziba pengo la sheria ya kimataifa. Kwa macho ya Baraza ni masomo mengine.

Hukukosea chochote huko. Uingereza digrii inayotambulika kwa mawakili wao ilijengwa juu ya misingi saba: mikataba, torti, jinai, sheria ya umma, ardhi, usawa na amana, na Umoja wa Ulaya. Yanayobaki mwanafunzi anajichagulia, na wewe ulichagua yaliyokupendeza. Huku misingi ni 16. Yasiyokuwepo utaambiwa uyasome hapa Kenya, katika chuo chenye leseni ya Baraza hilo hilo, ufanye mitihani yake, ndipo upate idhini kamili.

MwanaShela

Wakili, mimi ninasoma uzi huu na roho mkononi. Niko mwaka wa pili Uingereza. Ina maana ningeweza kuchagua ushahidi na familia sasa hivi badala ya sheria ya michezo?

WakiliNgomeni

Mwanangu, umeniuliza wakati mzuri. Ndiyo! Vyuo vingi vya huko vina ushahidi, familia, kazi, sheria ya kimataifa na falsafa ya sheria kama masomo ya hiari. Chagua hayo mwaka wa tatu. Kila moja utakalosoma huko ni moja usilolilipia huku. Familia yao haina mirathi ya kwetu mara nyingi, kwa hiyo hilo laweza kukurudia hata ukilisoma. Manne mengine chukua bila kusita.

BintiLangoni

Laiti ningeuona uzi huu miaka miwili nyuma. Wakili, yale manne yenye mjadala, ninayaokoa vipi?

WakiliNgomeni

Kwa kitabu cha masomo. Hili ndilo jambo nililotaka kulifikia tangu jana.

Transkripti inasema umesoma nini na umepata ngapi. Haisemi ndani ya somo kulikuwa na nini. Kinachosema hivyo ni ile karatasi mliyopewa mwanzo wa muhula: mada za kila wiki, saa za mihadhara, vitabu, namna ya kutahiniwa. Mkaguzi akiona kwenye sheria ya umma wiki kadhaa za mamlaka ya bunge, mgawanyo wa madaraka na haki za raia, halafu wiki kadhaa za mahakama kupitia maamuzi ya serikali, ana sababu ya kukuhesabia katiba na utawala. Bila karatasi hiyo hana sababu, hata akikuhurumia.

Ugumu wake ni huu. Kitabu unachotaka ni cha MWAKA uliosoma wewe. Kilichoko kwenye tovuti ya chuo leo ni cha wanafunzi wa leo, na mada zinabadilika. Na ile akaunti ya mwanafunzi uliyokuwa ukisomea, vyuo huifunga baada ya kuhitimu. Jaribu kuingia leo usiku. Ikifunguka, pakua kila kitu kabla hujalala.

BintiLangoni

Nimejaribu. Imefungwa.

WakiliNgomeni

Basi andika kwa ofisi ya kitivo, si kwa ofisi kubwa ya usajili. Waambie unahitaji maelezo ya kila somo kwa mwaka fulani hadi mwaka fulani, kwa ajili ya msajili wa taaluma wa nchi nyengine. Taja namba yako ya mwanafunzi. Ombi lenyewe wanalijua, hawatashangaa.

Katika barua hiyo hiyo waulize utaratibu wao wa kuthibitisha digrii. Chuo cha Uingereza hakitoi taarifa zako kwa mtu mwengine bila idhini yako ya maandishi, kwa sababu ya sheria yao ya kulinda taarifa za watu. Vingi vinatumia tovuti ya pamoja inayoitwa HEDD, mwenye kuuliza anaingiza jina, tarehe ya kuzaliwa, chuo, mwaka na daraja la digrii, na anaambatisha idhini yako. Kwa hiyo tia saini fomu ya idhini mapema, uiweke na maombi yako. Nimeona faili la mtu limekaa miezi kwa sababu chuo kilijibu "hatuna ruhusa ya kusema" na yeye hakuambiwa na yeyote. Na hapo kwenye kuingiza jina ndipo tatizo lako la tatu linapoanza kukuuma.

MamaTwaha

Hapo kwenye jina niachieni mimi. Mwanangu alikuwa Twaha kwenye KCSE, Taha kwenye kitambulisho. Tulimwendea wakili mjini Mombasa, akatuandikia hati ya kiapo kwamba majina mawili ni mtu mmoja, akaapishwa, shilingi chache tu. Ilikubaliwa.

KijanaMatondoni

Mama, mimi yangu ilirudishwa. Hati ya kiapo hawakuitaka, wakasema nibadilishe jina rasmi mpaka litangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ila mimi tofauti haikuwa herufi. Kwenye KCSE nilikuwa na jina la babu mwisho, kwenye pasipoti nina la ukoo.

WakiliNgomeni

Nyote wawili mmesema kweli, na tofauti iko kwenye maneno ya Kijana. Twaha na Taha, au Swafiya na Safia, ni jina moja lililoandikwa na makarani wawili. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo ndiyo ya kuanza nayo. Jina la babu na jina la ukoo ni majina mawili, na hapo hati ya kubadilisha jina, iliyosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ndiyo yenye nguvu. Sitamwahidi Binti kwamba kiapo kitatosha, kwa sababu afisa mmoja hukubali na mwengine hukataa. Ningekuwa yeye ningeambatisha kiapo, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vyote viwili vilivyothibitishwa, nione watasemaje kabla sijaingia gharama ya Gazeti.

Jambo moja usilifanye: usiende kubadilisha pasipoti au kitambulisho vifanane na KCSE. Ukifanya hivyo digrii yako ndiyo itakayobaki na jina la mtu asiyekuwepo.

MwalimuMkomani

Kwa KCSE yenyewe naweza kuongeza, kwani hapa nina uzoefu wa wanafunzi wangu. KNEC wana tovuti yao, qmis.knec.ac.ke, unafungua akaunti na kuomba wathibitishe matokeo yako moja kwa moja kwa ofisi unayoitaja. Unalipia hapo hapo. Namba ya mtahiniwa na mwaka ziandike kama zilivyo kwenye cheti. Wale wenye vyeti vya mfumo mwengine, kama wa Uganda au wa Kiingereza, KNEC ndio wanaosema alama zao ni sawa na ngapi za KCSE.

WakiliNgomeni

Hapo Mwalimu umepiga msumari. Na BintiLangoni, hilo ulifanye mapema, maana hata mwenye digrii ya daraja la kwanza huulizwa KCSE.

MpwaniDar

Naomba kuuliza la kwangu. Nilisoma sheria Dar es Salaam, nikapita na shule ya uanasheria huko, nikaapishwa kuwa wakili Tanzania. Mama yangu ni wa Malindi na mimi ni raia wa Kenya. Nami nianze na masomo 16?

WakiliNgomeni

Ndugu, kesi yako ina mlango tofauti. Sheria ya Mawakili ina kifungu kwa aliyekwisha kuapishwa katika nchi za Afrika Mashariki, na kifungu hicho kimebishaniwa sana mahakamani. Nisingependa kukujibu kwa mistari miwili halafu ukauza gari yako ulipie safari. Fungua uzi wako, weka mwaka ulioapishwa, nitakuja huko.

KijanaMatondoni

Na wale waliopata C ya jumla KCSE, wakapanda kwa diploma mpaka digrii?

WakiliNgomeni

Hilo nalo limezaa mashauri mengi, na majaji hawakusema kitu kimoja miaka yote. Binti hahusiki nalo. Anayehusika amwone wakili na hukumu za karibuni mkononi kabla ya kulipa karo popote.

BintiLangoni

Wakili, nikishamaliza yote haya, mtihani wenyewe ukoje? Nataka kujua ninakimbilia nini.

WakiliNgomeni

Ukishapata idhini ya Baraza, unaomba nafasi Chuo cha Sheria. Angalia tangazo lao, usipitwe na siku ya mwisho, kwa sababu kukosa hapo ni kungoja zamu nyengine. Mtihani haufanywi na mtu wa nje tu, lazima uwe umesajiliwa kwenye mafunzo hayo ya uwakili. Masomo ni tisa, ya kazi kwa mikono: kuendesha kesi za madai, za jinai, mirathi, uhamishaji wa ardhi, mikataba ya biashara, uandishi wa nyaraka, utetezi mahakamani, maadili, na uendeshaji wa ofisi. Kwa kila somo, alama 20 ni za kazi ya mradi, 20 za mtihani wa mdomo, 60 za maandishi. Kufaulu ni 50. Mtihani wenyewe husimamiwa na Baraza, si Chuo. Pia kuna miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mwenye angalau miaka mitano kazini. Ukifika hapo, njoo Malindi. Ofisi yangu iko hatua chache kutoka mahakamani na kesi za ardhi hazijaisha.

Ila sasa hivi usifikirie hayo. Fikiria kitabu cha masomo.

BintiLangoni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Kitivo kimejibu. Wamenitumia maelezo ya masomo yote isipokuwa mawili, sheria ya makampuni na tasnifu, kwa kuwa mwalimu aliyefundisha amehama na hawaoni faili.

Sheria ya umma nimeifungua kwanza, mikono ikitetemeka. Wiki 22. Kumi na mbili ni katiba, kumi ni mahakama kupitia maamuzi ya serikali na mabaraza ya utawala. Nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu, mbili hizo kando kando. Kiapo cha jina nimekifanya hapa Amu. KNEC nimelipia.

Ninachouliza: yale mawili yaliyokosekana, nipeleke maombi bila hayo, au nisubiri?

WakiliNgomeni

Alhamdulillahi kwa wiki 22. Tasnifu, tafuta barua pepe ya msimamizi wako, hata kama amehama, aandike kwa barua yenye nembo ya alikohamia kwamba mlikuwa na mihadhara ya mbinu za utafiti. Makampuni, waulize wanafunzi wenzako kwenye lile kundi lenu la simu. Kuna mmoja siku zote ambaye hafuti kitu.

Kupeleka bila au kusubiri, hapo wakubwa wenzangu hatukubaliani. Mimi ningepeleka, nikiandika kwenye barua kwamba mawili yanafuata. Wapo wanaosema faili lisilokamilika hurudi chini ya rundo. Na Baraza likikukatalia jambo kwa makosa, lipo Baraza la Rufaa la Elimu ya Sheria, lakini usiache siku zipite bila kuuliza mwisho wa kukata rufaa.

MwanaShela

Dada Binti, chuo chako ni kipi? Kama ni hiki changu, makampuni ninayo ya mwaka uliopita. Na wa juu yangu ninaishi naye nyumba moja, yeye hafuti kitu.

BintiLangoni

Nimekuandikia kwenye sanduku la ndani. Tafadhali angalia sasa hivi.